Barua pepe ya kusimamisha nyongeza: namna ya kusema hapana bila kuahidi usichonacho

Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani Jerald Greenberg alichapisha utafiti kuhusu viwanda vitatu vya mwajiri mmoja. Katika viwili, mishahara ilipunguzwa kwa asilimia 15 kwa wiki kumi baada ya kampuni kupoteza mikataba. Cha tatu hakikuguswa. Tofauti iliyomvutia Greenberg ilikuwa kati ya vile viwili vilivyokatwa. Katika kimoja, wafanyakazi walipewa habari kwa takribani robo saa, bila pole wala maelezo ya maana. Katika kingine bosi alitumia karibu saa moja na nusu: alionyesha hesabu za kampuni, akasema zaidi ya mara moja kwamba anasikitika, kisha akajibu maswali.

Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kotekote mishahara ilikokatwa, lakini uliongezeka zaidi pale palipotumika robo saa, na watu wengi zaidi waliacha kazi hapohapo. Makato yalikuwa yaleyale. Mishahara iliporudishwa, wizi ulishuka.

Kusimamisha nyongeza si sawa na kukata mshahara, na siku hizi habari hiyo mara nyingi huja kwa barua pepe badala ya mkutano. Hata hivyo, anayeiandika ana kazi ileile ya yule bosi wa pili, ila anaifanya kwa aya tano au sita ambazo kila mtu atazisoma peke yake kwenye simu, pengine ndani ya daladala, bila nafasi ya kuuliza.

Kwanza lazima aelewe mfanyakazi anapoteza nini hasa. Mara nyingi menejimenti hujiambia kwamba hakuna kilichopotea kwa kuwa mshahara ni uleule. Tuchukue kampuni ya kubuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, yenye wafanyakazi 38, ambayo kila Julai imekuwa ikiongeza asilimia 5. Karani anayelipwa shilingi 900,000 alitarajia nyongeza ya 45,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Kama bei za vitu zimepanda kwa asilimia 3, matumizi yaliyokuwa yakimgharimu 900,000 sasa yanataka 927,000. Kwa hiyo amekosa alichokitegemea, na juu ya hapo kile alichonacho kimepungua nguvu. Akisoma sentensi inayosema “mishahara yenu iko salama”, anajua aliyeiandika hajapita sokoni.

Barua ya kwanza ambayo mkurugenzi wa kampuni kama hiyo huandika, kabla mtu hajaisoma na kumrudishia, mara nyingi huwa hivi: kichwa ni “Taarifa muhimu”. Aya ya kwanza inashukuru kwa mchango mkubwa wa wafanyakazi. Ya pili inazungumzia hali ya uchumi wa dunia. Katika aya ya tatu inatajwa “mapitio ya mfumo wa maslahi”, na msomaji anaanza kubashiri. Mwishoni kuna faraja: sisi ni familia moja, tukaze buti, mambo yakitengemaa kila mmoja atafurahi.

Kila sentensi hapo ina lengo jema, lakini barua nzima inadhuru. Habari yenyewe haionekani, kwa hiyo saa moja baadaye makundi ya WhatsApp yanaitafsiri, na tafsiri hizo zinazidi ubaya wa ukweli. Shukrani zilizotangulia habari mbaya zinaonekana kama mafuta ya kulainishia. Na ile sentensi ya “kila mmoja atafurahi” itakumbukwa na kila mtu, tena kwa maneno yake halisi, mwaka ujao.

Barua iliyoandikwa upya inaweza kuwa hivi:

“Yah: Hakutakuwa na nyongeza ya mishahara Julai hii

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Mwaka huu hatutatoa nyongeza ya mishahara ya Julai. Uamuzi huu unamhusu kila mmoja, mimi na wakurugenzi tukiwemo. Mishahara ya sasa haipunguzwi, na bima ya afya na posho ya usafiri zinabaki kama zilivyo.

Najua wengi wenu mlishaipangia nyongeza hiyo, iwe ni ada za watoto, kodi ya nyumba au mkopo, na bei za vitu zimepanda. Mmefanya kazi yenu vizuri. Uamuzi huu hautokani na kosa la mtu yeyote miongoni mwenu. Ni habari mbaya, nami ninasikitika kuwa ndiye ninayeileta.

Sababu ni hii: Januari tulipoteza wateja wawili wakubwa, na mapato ya miezi mitano yamepungua kwa asilimia 18 kulinganisha na kipindi kama hiki mwaka jana. Tulipima njia tatu: kupunguza watu, kupunguza saa za kazi, au kusimamisha nyongeza. Tukachukua ya tatu.

Siwezi kuahidi lini nyongeza itarudi, wala kwamba ya mwaka huu italipwa baadaye. Ninachoahidi ni kwamba tutapitia hesabu wiki ya kwanza ya Novemba, na kufikia tarehe 15 Novemba nitawaandikia matokeo, hata kama jibu litakuwa bado hapana.

Kesho saa nne asubuhi tukutane ukumbini kwa maswali. Asiyependa kuuliza mbele za watu aonane na mkuu wa idara yake au nami.”

Jambo la kwanza la kuangalia hapo ni aya ya masikitiko. Imewekwa mara baada ya habari, kabla ya sababu, kwa kuwa mtu aliyetoka kusoma “hatutatoa nyongeza” bado hajawa tayari kusikiliza habari za wateja na mapato. Pia inataja hasara kwa majina yake: ada, kodi, mkopo. “Tunaelewa kuwa hali hii inaweza kuleta changamoto kwa baadhi yenu” haitaji chochote, na lile neno “baadhi” linamwambia msomaji kwamba pengine yeye ni mlalamishi tu. Barua haimwambii mfanyakazi ajisikieje, wala haimkumbushi kwamba kuna wasio na kazi kabisa. Hilo huenda analijua kuliko anayemwandikia.

Sababu nayo inapaswa kulingana na kile wafanyakazi wanachokiona kwa macho yao. Mei 2023 mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, aliwaandikia wafanyakazi kwamba wale wa kudumu wanaolipwa mshahara wa mwezi hawatapata nyongeza mwaka huo, ingawa fedha za bonasi na za kupandisha vyeo zingebaki. Alitaja hali ya uchumi na mabadiliko makubwa ya teknolojia. Lakini wiki chache kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 18 kwa miezi mitatu tu, na mfanyakazi yeyote aliweza kuisoma. Kampuni yenye faida inaweza kuwa na sababu ya kubana mishahara. Ila haiwezi kuiegemeza kwenye ukata na kutegemea kuaminiwa. Ni afadhali iseme wazi kwamba imeamua fedha hizo ziende kwingine, na itaje huko kwingine.

Sentensi inayoponza barua nyingi zaidi, hata hivyo, ni ile ya siku zijazo. Tanzania ina mfano unaojulikana. Tarehe 1 Mei 2021, kwenye sherehe za Mei Mosi Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wafanyakazi kwamba mwaka huo mishahara isingepanda, akaeleza hali ya uchumi, na akaahidi kuipandisha Mei Mosi ya mwaka uliofuata. Mwezi Mei 2022 nyongeza ikatangazwa kweli: kima cha chini kupanda kwa asilimia 23.3. Tangazo lilitaja kima cha chini, lakini watumishi wengi walisikia asilimia 23.3 ya mishahara yao wenyewe. Mishahara ya Julai ilipoingia na wengi wakakuta ongezeko dogo mno kuliko walilolihesabu, manung'uniko yalikuwa makubwa, na serikali ikalazimika kufafanua. Hata ahadi iliyotimizwa inaweza kuzaa malalamiko pale tarakimu inaposikika kwa nguvu kuliko maneno yanayosema ni ya nani.

Ndiyo maana barua ya mfano inaahidi vitu vilivyo mikononi mwa mwandishi pekee: kupitia hesabu, tarehe ya kujibu, kikao cha maswali. Kurudi kwa nyongeza kunategemea wateja, na wateja hawamo mikononi mwake. Maneno kama “tunatarajia” na “tutajitahidi” yanaonekana ya tahadhari kwa anayeandika, lakini anayesubiri fedha huyasoma kama ahadi.

Mtego mwingine ni ajira zenyewe. Kikaoni swali la kwanza karibu kila mara ni “je, tutapunguzwa?” Mkurugenzi hutamani kujibu “hakuna atakayeguswa”. Kama hana uhakika, jibu lililo ndani ya uwezo wake ni kwamba hadi leo hakuna mpango huo, na kwamba ukitokea watashauriwa kwanza kama sheria inavyotaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza wafanyakazi.

Sheria hiyo inahusu pia barua yenyewe. Kama nyongeza ya kila mwaka imeandikwa kwenye mkataba au kwenye makubaliano na chama cha wafanyakazi, barua pepe peke yake haiwezi kuifuta. Masharti yaliyoandikwa hubadilishwa kwa mashauriano na mfanyakazi, kisha kwa taarifa ya maandishi. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inataka hivyohivyo. Tena kampuni haiwezi kusimamisha mshahara chini ya kima cha chini cha sekta yake. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza Tanzania tarehe 1 Januari 2023 iliwapandisha waliokuwa chini ya viwango vipya, mwajiri apende asipende.

Hapo ndipo maneno “kila mmoja” yanapohitaji kukaguliwa kabla barua haijatumwa. Kama msimamizi wa ghala anapandishwa cheo mwezi huohuo na mshahara wake unaongezeka, barua iseme kwamba wanaopanda vyeo hawahusiki na uamuzi huu. Habari za mshahara wa mtu huvuja, na ikigundulika kwamba kulikuwa na mmoja aliyeachwa nje, barua nzima itaonekana ya uongo.

Wakuu wa idara waisome siku moja kabla, kwa kuwa ndio watakaoulizwa kwenye korido. Itumwe asubuhi ya siku ya kazi, si Ijumaa jioni, ili watu wasiende nayo nyumbani wikendi nzima bila wa kumuuliza. Na ifikapo tarehe 15 Novemba, barua ya pili itoke siku hiyohiyo, ikianza na jibu: nyongeza ipo au haipo, mapato yamefikia wapi, na hesabu zitatazamwa tena lini.