Wingi wa wino mwekundu si uzito wa kosa

JUMA lililopita mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinitumia picha mbili kwa simu. Zilikuwa kurasa za insha yake iliyosahihishwa. Chini ya picha alikuwa ameandika: “Mjomba, karatasi ni nyekundu tupu. Tahajia imenimaliza. Sasa nianzie wapi?”

Alikuwa amepata alama 9 kati ya 20, na tayari alikuwa ameamua kuitumia likizo yote kukariri tahajia. Nilipomaliza kuyafupisha maoni ya mwalimu wake, niliona kwamba angepoteza likizo bure. Katika makala haya ninaeleza jinsi nilivyolifikia jibu hilo, maana naamini kuna wazazi na wanafunzi wengi wenye karatasi za aina hii mezani.

Mada ilikuwa: “Simu za mkononi zina madhara zaidi kuliko manufaa kwa wanafunzi wa shule za upili. Jadili.” Insha ilikuwa na aya sita.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa picha imeonyesha karatasi nzima. Mwalimu huandika pambizoni, na pambizo ndiyo ya kwanza kukatwa na kamera. Kando ya aya ya nne niliona herufi “...tisha” tu. Kwa kuwa aya yenyewe ilidai kwamba simu hushusha alama za mtihani, nilisoma “Inatisha”, nikadhani mwalimu ameguswa. Nikamwambia apige picha upya, kurasa zikiwa zimelazwa na kingo zote nne zikionekana. Kumbe neno lilikuwa “Thibitisha”. Nilichokidhani kuwa sifa kilikuwa lawama.

Hatua ya pili ni kuorodhesha kila alama pamoja na nambari ya aya ilipo, bila kuifasiri kwanza. Walimu wetu wengi hufuata alama zilizozoeleka katika usahihishaji wa Karatasi ya Kwanza ya KCSE: mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mstari mmoja chini ya kosa la tahajia, kijipaa mahali neno limeachwa, mkasi penye msamiati usiofaa, na vema palipo na msamiati mzuri au hoja iliyokamilika. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Kosa la sarufi au tahajia huwekewa alama linapotokea kwa mara ya kwanza tu. Likirudiwa, huachwa. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwakilisha makosa manne.

Katika insha ya mpwa wangu nilihesabu alama 21. Tatu zilikuwa vema, nazo sikuziacha nje, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kujua pia asichopaswa kukigusa. Kati ya 18 zilizosalia, 12 zilihusu lugha. Ndiyo maana alidhani tahajia imemmaliza.

Hatua ya tatu ni kugawa maoni katika mafungu matatu: hoja, muundo na lugha. Mimi hujiuliza swali moja kuhusu kila oni: ni nini kitakachoondoa tatizo hili? Likiondoka kwa kubadilisha neno au kiambishi, na wazo likabaki lilivyo, hilo ni la lugha. Likiondoka kwa kuhamisha, kugawa au kupunguza aya, ni la muundo. Ikiwa haliondoki mpaka mwanafunzi afikiri upya, basi ni la hoja. Kwa mfano, kando ya aya ya tatu mwalimu aliandika “Ileile”, akachora mshale hadi aya ya pili. Mtu angeweza kuliita kosa la muundo. Lakini hata ukizihamisha aya hizo utakavyo, bado zitakuwa zinasema jambo moja. Hilo ni la hoja.

Huu ndio muhtasari niliomtumia:

Hoja. Umetetea upande mmoja tu, ilhali swali limekutaka ujadili (maoni ya mwisho). Aya ya 3 inarudia hoja ya aya ya 2. Dai la aya ya 4 kwamba simu hushusha alama halina ushahidi: “Thibitisha”. Hoja ya aya ya 2 imekamilika, imewekewa vema.

Muundo. Utangulizi ni “mrefu mno”: mistari 11 imepita kabla hujataja simu. “Hitimisho li wapi?” Sentensi yako ya mwisho inaleta jambo jipya.

Lugha. Tahajia, alama 6: umedondosha h mara tatu (ata, uku, apo), umechanganya r na l mara mbili (madhala, halaka), na umeandika “wanafuzi”. Sarufi, alama 3: upatanisho mara mbili (“simu hizi inaharibu”, “tatizo hii”) na “kwa nyumba” badala ya nyumbani. Maneno mawili yameachwa. “Kubonga” si msamiati wa insha. Vema mbili za msamiati ziko aya ya 5.

Haijulikani. Kando ya aya ya 5 kuna “Rejea”. Muulize mwalimu.

Nyongeza yangu, si ya mwalimu: “simu hizi inaharibu” inajirudia mara tatu zaidi bila kuwekewa alama.

Msomaji ataona kwamba fungu la lugha lenye alama 12 limesinyaa. Ile h, r na l, pamoja na upatanisho, vinabeba alama saba kati ya hizo, na hayo ni mazoezi ya jioni chache tu. Fungu la hoja lina maoni matatu pekee, lakini moja kati yake limeipindua insha nzima. Anayeambiwa ajadili akatetea upande mmoja amejibu nusu ya swali. Hata hitimisho lililopotea linatokana na hapo. Angefikiaje uamuzi ilhali hakupima pande mbili? Ndiyo maana hoja huja kwanza katika muhtasari, hata kama alama zake ni chache.

Fungu lile la nne la “Haijulikani” lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. “Rejea” ningeliweka kwenye muundo, nikidhani mwalimu anataka aya irudishwe nyuma. Shule zilipofunguliwa, mpwa wangu alimuuliza. Mwalimu akamjibu, “Irejelee mada. Hapo ulianza kusimulia filamu.” Kumbe lilikuwa oni la nne la hoja. Anayefupisha maoni ya mtu mwingine hana ruhusa ya kuyakamilisha kwa kubahatisha, na akiongeza lake, kama nilivyoongeza lile la upatanisho, sharti aseme kuwa ni lake.

Baada ya kuusoma muhtasari, mpwa wangu alipiga simu. “Mjomba, kwani nilipaswa kuandika pia uzuri wa simu?” Nikamwambia ndiyo, kisha aamue ni upande upi unalemea. Akanyamaza kidogo. “Basi aya ya tatu naitoa, niweke manufaa hapo.”

Alikuwa ameishika insha yake mahali pa kuishikia. Zile h alizisahihisha siku ileile, kabla ya chakula cha jioni.