Kamera ya Babu Ina Umri Gani?

"Shikamoo mjomba. Hii tumeikuta kwenye sanduku la bati la marehemu babu. Bibi anasema ndiyo aliyompigia picha dada yake siku ya harusi, Desemba 1961, wiki ile ile ya uhuru. Ni kamera gani hii, na ni ya mwaka huo kweli?"

Ujumbe huo wa mpwa wangu ulitoka Tanga ukiwa na picha tatu. Moja ilikuwa ya kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi, ya pili ya ubavuni, na ya tatu ya mbele, ambayo mwanga wa simu ulikuwa umegonga bamba la jina likabaki doa jeupe. Nimekuwa nikikusanya na kutengeneza kamera za filamu kwa miaka mingi, na maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara. Mtu huanza kwa kutafuta jina. Mimi huanza na umbo.

Umbo la kamera hii halikufichika hata kwa picha mbovu. Ni kisanduku kilichosimama wima, chenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Lenzi ya chini ndiyo inayopiga picha. Ya juu ni ya kutazamia tu: nyuma yake kuna kioo kilicholazwa mshazari, kinachorusha taswira juu kwenye kioo chenye ukungu, na mpigapicha huinamisha kichwa akiishika kamera usawa wa kifua. Waliopigwa picha studio zamani watamkumbuka mpigapicha aliyekuwa akitazama chini badala ya kuwatazama wao. Kamera yenye lenzi moja na kinundu juu kama paa la nyumba ni jamii nyingine, na ile inayofunguka kwa mbele ikatoa mfuko wa mikunjo kama wa kinanda cha mkono ni nyingine kabisa.

Umbo likishajulikana, filamu nayo huwa karibu kujulikana. Kamera za lenzi mbili, isipokuwa chache, hutumia filamu pana iitwayo 120. Hii huviringishwa kwenye kijiti pamoja na karatasi nyeusi ya mgongoni, ina upana wa karibu sentimita 6, na kwenye kamera hizi hutoa picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Imekuwepo tangu 1901 na hadi leo inauzwa. Ile filamu ndogo ya mkebe wa chuma, ya milimita 35, yenye matundu pande zote mbili, huhitaji magurudumu yenye meno ndani ya kamera. Ukiona meno hayo kwenye picha ya ndani, umeshapata jibu. Usipoyaona, tazama kijiti kitupu ambacho mara nyingi husahauliwa upande wa kupokelea filamu. Kodak walitoa filamu iitwayo 620, yenye upana ule ule wa 120 ila kijiti chake ni chembamba zaidi. Ilikoma kutengenezwa 1995, na watu wengi wamenunua filamu ya 120 wakakuta haiingii, wakadhani kamera ni mbovu.

Basi nilikuwa najua aina na filamu kabla sijajua jina. Kilichobaki kilikuwa umri, na hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hutafuta kitu cha zamani kuliko vyote kwenye kamera. Wanaona ngozi iliyochanika na kutu ya skrubu, wanasema hii ni ya enzi za Mjerumani. Au wanasoma tarehe iliyochongwa kwenye chuma. Kamera nyingi za kisanduku za Kodak zina tarehe ndani, lakini hizo ni tarehe za hataza, siku ubunifu fulani uliposajiliwa, na kamera yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye. Njia sahihi ni kinyume chake: tafuta kitu kipya kuliko vyote. Kamera haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kilichobuniwa mwisho.

Nikamwomba mpwa wangu apige picha nyingine. Nilimtaka asogee karibu na dirisha, azime mwanga wa simu, aiweke kamera juu ya kitambaa cheupe, na ailaze kidogo ili mwanga usirudi moja kwa moja kwenye simu. Nilihitaji duara la maandishi kwenye lenzi kwa karibu, upande wenye mkono wa kuzungushia filamu, na ndani mlango wa nyuma ukiwa wazi. Kuhusu kufungua nilimwonya. Kama bado kuna filamu ndani, mwanga utaiua kwa sekunde moja, na picha ambazo hakuna aliye hai aliyewahi kuziona zitapotea. Basi aliingia chumbani usiku, akazima taa, akafungua na kupapasa kwa vidole. Haikuwa na filamu. Akafunga, akanitumia picha asubuhi.

Kwenye duara la lenzi kulisomeka Yashinon, milimita 80, na kwenye kilango cha mwanga, kile mafundi wanachokiita shata, neno Copal. Yashinon ni jina la lenzi za Yashica wa Japani, kwa hiyo kiwanda kilijulikana. Lenzi ilikuwa ikiakisi rangi ya zambarau na kaharabu. Hiyo ni dalili ya utando mwembamba unaopunguza mng'ao, uliokuja kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Lenzi tupu isiyo na rangi hiyo, inayoakisi weupe kama kioo cha dirisha, kwa kawaida ni ya kabla ya hapo.

Nikatazama namba za kasi ya shata. Kamera za zamani hufuata mpangilio wa 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100. Katika miaka ya 1950 viwanda vilianza kuhamia kwenye 1, 2, 4, 8, 15, 30, 60, 125, ambapo kila hatua ni karibu nusu ya muda wa ile iliyotangulia. Hesabu hii inasomeka hata kwenye picha ya simu, na mimi huitegemea kuliko namba ya usajili ya kamera. Namba za usajili hutofautiana kwa kila kiwanda. Kwenye kamera nyingi za Zenit zilizotengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, kwa hiyo namba inayoanza na 78 ni ya 1978. Yashica hawakuandika hivyo, na ukiisoma namba yao kwa kanuni ya Zenit utapotoka.

Kamera ya Tanga ilikuwa na mpangilio mpya wa kasi. Ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungushia unaokunjika, si kitasa cha kusokota, na Yashica walianza kuweka mkono huo kwenye kamera zao za lenzi mbili mwaka 1957, walipotoa Yashica-Mat. Hadi hapo maneno ya bibi yalikuwa yanasimama vizuri. Kamera ya 1957 inaweza kupiga picha harusi ya 1961.

Kilichobadilisha hesabu ni picha ya ndani. Kwenye mlango wa nyuma kuna kibao cha chuma kinachoikandamiza filamu ili isijikunje. Kwenye kamera hii kibao hicho kilikuwa kinasogezwa, na kilikuwa na sehemu mbili zilizoandikwa 12 na 24. Namba 24 haiwezi kuelezwa kwa filamu ya 120, ambayo inatoa 12 tu. Ni ya filamu ya 220, iliyo ndefu mara mbili. Ili iingie kwenye kamera ile ile, iliondolewa karatasi ya mgongoni na kubakizwa mwanzoni na mwishoni tu. Kwa kuwa ni nyembamba zaidi, kibao lazima kiisogelee kidogo, la sivyo filamu hulegea na picha hukosa ukali. Filamu ya 220 ilitoka mwaka 1965. Hakuna fundi ambaye angetengeneza kibao cha 24 mwaka 1961.

Kutoka hapo jina lilijitokeza lenyewe. Yashica yenye mkono, kibao cha 12 na 24, na kidirisha kidogo cha kipima mwanga karibu na bamba la jina, ni Mat-124, iliyoanza kuuzwa 1968, au ndugu yake 124G, iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea hadi 1986. Yashica za awali zenye kipima mwanga zilikuwa na bamba pana la kioo chenye chembe kama sega la nyuki, lisilohitaji betri, na hii haikuwa nalo. Kati ya 124 na 124G, nilitazama mapambo ya chuma: ya 124 yanang'aa kwa rangi ya fedha, ya 124G ni meusi. Ya Tanga yaling'aa. Kwa hiyo ni Yashica Mat-124, iliyotengenezwa kati ya 1968 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kumwambia mjane kwamba amekosea ni jambo zito, na mimi sikutaka kumvunjia heshima kwa sababu ya kibao cha chuma. Nikauliza kama negativu za harusi zipo. Picha iliyosafishwa haitoshi kuwa ushahidi, kwani fundi wa chumba cha giza huweza kuikata apendavyo. Negativu haikatwi, nayo hubeba ukubwa halisi wa dirisha la kamera iliyoipiga. Zilikuwemo kwenye bahasha chini ya sanduku. Mpwa akaziweka kando ya rula bila kuzigusa katikati: sentimita 6 kwa 9. Kamera ya mraba haiwezi kutoa negativu ya namna hiyo.

Bibi alipoelezwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ah, basi ni ile ya kufunguka, yenye mikunjo kama kinanda. Aliiuza alipopata hii." Kamera nyingi za kukunja hupiga sentimita 6 kwa 9, picha 8 kwa filamu moja ya 120, na zilienea sana kati ya miaka ya 1930 na 1950. Bibi alikuwa anakumbuka sawasawa. Ila kamera mbili zilikuwa zimekuwa moja katika kumbukumbu yake.

Ukikuta kamera kwenye sanduku la mzee wako, usitenganishe kamera na negativu zake. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, mbali na plastiki na unyevu wa pwani, na uandike juu ya bahasha kwa penseli majina ya watu walio kwenye picha wakati bado yupo anayewajua.