Saa nane ya muda si saa nane ya mchana

Karatasi ya dawa ya Kihispania ikisema "un comprimido cada 8 horas", tafsiri yake ni "kidonge kimoja kila baada ya saa nane". Nane hiyo ni muda, haibadiliki. Lakini "a las 8 de la mañana" ni saa mbili asubuhi. Mfasiri akiandika "saa nane", anayemuuguza mama yake atachelewesha dawa kwa saa sita. Ratiba sahihi ni saa mbili asubuhi, saa kumi jioni na saa sita usiku. Wala asifupishe kwa kusema "mara tatu kwa siku". Wengi wetu hapo tutafuata milo, na kutoka chajio hadi kiamshakinywa mgonjwa atakaa karibu saa kumi na mbili bila dawa.