Bwawani kwa Wajerumani: Mwaka wa Saba Unaisha Lini?

Picha ilinifikia Ijumaa usiku kwenye simu, imepigwa kwa haraka, pembe moja imekatika. Ni ubao wa bluu uliobandikwa karibu na dirisha la tiketi la bwawa la kuogelea katika mji mdogo wa Ujerumani. Aliyeituma ni mke wa mdogo wangu, ambaye alimfuata mumewe huko mwaka jana. Chini ya picha aliandika: "Shemeji, wewe ulisoma huko. Kesho nina darasa la lugha na baba yao yuko kazini. Dada mtu anaweza kumpeleka mdogo wake kuogelea?"

Dada mtu ana miaka 14. Mdogo wake ana miaka sita, na wiki tatu zijazo atatimiza saba. Swali lilikuwa dogo, lakini jibu lake lilitawanyika kwenye mistari mitatu ya ubao ule.

Mstari wa kwanza ndio unaowachanganya wageni wengi. Umeandikwa: "Kinder bis zum vollendeten 7. Lebensjahr nur in Begleitung einer geeigneten Person ab 16 Jahren." Ukiufasiri neno kwa neno utapata "watoto hadi mwaka wa saba wa maisha uliokamilika". Msomaji wa Kiswahili huenda akadhani mtoto anatakiwa amalize kuwa na miaka saba, yaani afike minane. Sivyo. Mjerumani hapa anahesabu miaka ya maisha kuanzia siku ya kuzaliwa. Mwaka wa kwanza ni ule ambao mtoto bado tunamhesabia miezi, na siku anapokatiwa keki ya kwanza, mwaka huo umekwisha na wa pili umeanza. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa miaka sita ndiye anayeishi mwaka wake wa saba, na mwaka huo unakamilika anapotimiza miaka saba. Neno la kukamata ni "vollendeten", uliokamilika. Bila kulielewa, mzazi anakosea mwaka mzima.

Kwa hiyo kijana wetu bado yuko ndani ya katazo kwa wiki tatu zaidi. Ni lazima awe na mtu wa kumsindikiza. Nusu ya pili ya mstari inaeleza huyo mtu awe nani: awe anafaa, na awe na miaka 16 au zaidi. Neno "ab" lililo mbele ya umri lina maana ya kuanzia hapo, na namba yenyewe imo, kwa hiyo wa miaka 16 kamili anaruhusiwa. "Unter" ni chini ya hapo, namba yenyewe haimo. Dada mtu ana 14, hapiti. Na hata angekuwa na 16 lakini hajui kuogelea, neno "geeigneten", yaani anayefaa, lingemzuia.

Nikamwandikia shemeji jibu hilo. Akarudi na hoja: "Lakini kijana anajua kuogelea! Shuleni wamempa beji ya farasi wa baharini."

Beji hiyo huitwa Seepferdchen, na watoto wengi wa Ujerumani huishonesha kwenye bukta ya kuogelea. Kuipata, mtoto huruka majini kutoka ukingoni, huogelea mita 25, na huokota kitu kwa mikono kwenye maji yanayomfika mabegani. Ni hatua nzuri. Lakini DLRG, chama cha waokoaji majini cha nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1913, hakimhesabu mwenye beji hiyo kuwa muogeleaji salama. Kinamhesabu hivyo akishapata beji ya shaba, na mtihani wake uko mbali na ule wa kwanza: kuogelea dakika 15 mfululizo na kufikisha angalau mita 200, kuokota kitu kwa kupiga mbizi kwenye kina cha kama mita mbili, na kuruka kutoka jukwaa la kuanzia au ubao wa mita moja. Tofauti ya mtoto anayefika ng'ambo ya bwawa mara moja na yule anayeweza kubaki majini akiwa amechoka ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka ukingoni.

Hapo ndipo unapoingia mstari wa pili: "Nichtschwimmer" waingie katika bwawa lao tu. Neno hilo ni la wasiojua kuogelea, na mwenye beji ya farasi wa baharini ni salama zaidi ajiweke humo. Pembeni ya mstari pameandikwa kina: 0,90 – 1,35 m. Wajerumani huweka mkato pale tunapoweka nukta, kwa hiyo ni kutoka sentimita 90 hadi sentimita 135. Sasa mpime kijana wa miaka sita. Wengi wa umri huo hawajafika sentimita 120. Maana yake ni kwamba kwenye bwawa la wasiojua kuogelea, upande ambapo sakafu imeteremka, maji yanampita kichwa. Anatembea akicheza, maji yako kifuani, hatua chache mbele yako puani. Wala hatapiga kelele, kwa kuwa mdomo wake unazama na kuibuka bila kupata nafasi ya kuita. Ndiyo sababu msindikizaji hatakiwi kukaa kwenye kiti na simu. Kwa mtoto wa kimo hicho, mahali pake ni ndani ya maji, umbali wa kunyoosha mkono.

Shemeji akauliza kuhusu maboya ya kuvaa mikononi. Asome maandishi madogo kwenye boya lenyewe: yanaonya kwamba si kinga ya kuzama. Yanamsaidia anayejifunza, lakini hayachukui nafasi ya mtu mzima.

Mstari wa tatu ni ule unaotisha bure: "Eltern haften für ihre Kinder", wazazi wanawajibika kwa watoto wao. Utauona Ujerumani hata kwenye uzio wa majengo yanayojengwa. Lakini sheria yao ya madai, kifungu cha 832, haisemi kwamba mzazi hulipa kila mtoto anapoharibu kitu. Anawajibika kama hakumsimamia inavyotakiwa. Mama aliyekuwa majini pamoja na mwanawe ana la kujibu. Aliyemwacha na dada wa miaka 14, kinyume cha ubao, hana.

Nikamwonya pia kwamba kila bwawa lina ubao wake. Mabwawa mengine huweka miaka 10 mahali pa saba, na umri wa msindikizaji hubadilika. Wakihamia mji wa pili, asome upya.

Akakubali. Jumamosi watoto wakabaki nyumbani, na Jumapili akaenda nao mwenyewe. Kabla hajaenda nilimtafsiria na ule mstari wa chini, uliokatika nusu kwenye picha yake: "Fotografieren verboten", kupiga picha ni marufuku. Katazo hilo linawalinda watu walio vyumba vya kubadilishia nguo na wanaooga, na yeye alikuwa bado dirishani pa tiketi, kwa hiyo hana kosa. Ila akiingia ndani, simu ibaki kwenye kabati.

"Shemeji," akajibu, "huo ndio ungeanza nao."