Picha Saba za Mkataba wa Unga

Mkataba una kurasa saba na uko mezani kwa msambazaji wa unga, Dar es Salaam. Mbele yake ameketi mshirika mmoja, simu mkononi. Mwenzake yuko Kigoma, anaangalia tanuri la mikate wanalolimiliki pamoja. Msambazaji hatoi nakala kabla ya saini, ila amekubali ipigwe picha. Ni mfano tu, lakini wafanyabiashara wengi watajiona humo: picha zinarushwa bila neno, jibu linarudi "sawa, endelea", na saini inawekwa.

Saini hiyo haimfungi mmoja. Katika biashara ya ubia, mshirika akisaini jambo la kawaida la biashara yao, amemfunga na mwenzake. Kwa hiyo aliyeko Kigoma anahitaji kujua kilichoandikwa, na picha peke yake hazitoshi. Zinahitaji barua pepe ya kuzisindikiza, kwa mfano hii:

"Shikamoo dada. Nimeambatisha picha saba za mkataba wa unga. Sijasaini. Ni wa mwaka mmoja, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 80,000, mzigo unafikishwa Kigoma. Wanataka jibu Ijumaa. Yapo mambo matatu ya kuzungumza kwanza.

Kifungu cha 4, ukurasa wa 3: kila mwezi tuchukue mifuko 160 au 180. Taa imeng'aa juu ya tarakimu ya katikati, siisomi vizuri. Tusipofikisha, tunalipa asilimia 10 ya bei ya kila mfuko uliopungua.

Kifungu cha 6, ukurasa wa 4: malipo ndani ya siku 14 tangu tarehe ya ankara. Tukichelewa, asilimia 3 kwa mwezi.

Kifungu cha 3, ukurasa wa 2: bei itarekebishwa kwa mujibu wa Kiambatisho A. Kiambatisho hicho hakimo kwenye kurasa nilizopewa."

Ni fupi, lakini kila hoja ina namba ya kifungu na ukurasa, ili dada afungue picha husika na kuhakiki mwenyewe. Tena mwandishi hakukisia tarakimu aliyoshindwa kuisoma. Tuseme mwezi mbaya wanaoka mifuko 140. Kwa kiwango cha 160 wamepungukiwa mifuko 20, na faini ni shilingi 160,000. Kwa kiwango cha 180 wamepungukiwa 40, faini ni 320,000. Mng'ao wa taa kwenye tarakimu moja umeongeza hatari mara mbili. Angeandika "160" kwa kuhisi, dada angepiga hesabu yake juu ya namba ambayo huenda haimo kwenye mkataba.

Jambo la pili ni rahisi kulipita. Siku 14 zinasikika nyingi, lakini zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ankara, na ankara huandikwa siku lori linapopakia Dar es Salaam. Lori likitumia siku nne njiani, unga unashushwa zikiwa zimebaki siku kumi. Ikiwa shule na hoteli zinazonunua mikate hulipa mwisho wa mwezi, deni litaiva kabla pesa haijaingia. Kwa mifuko 140, ankara ni shilingi 11,200,000, na mwezi mmoja wa kuchelewa ni shilingi 336,000. Hapa dada ana la kuomba: siku zihesabiwe tangu mzigo kupokelewa. Ni maneno machache ya kubadilisha, na msambazaji mwenye nia njema anaweza kuyakubali.

Kwa maoni yangu, la tatu ndilo zito zaidi. Bei ya 80,000 imeandikwa wazi, ila kifungu hichohicho kinairuhusu kubadilika kwa kanuni iliyo kwenye karatasi ambayo hawajaiona. Huenda inafuata bei ya ngano, huenda inamwachia msambazaji apandishe atakavyo. Anayesoma picha saba zilizopangwa vizuri hudhani ameuona mkataba wote. Ndiyo maana kabla ya kutoka ofisini unahesabu kurasa, kisha unatafuta kila mahali palipoandikwa "kiambatisho" au "jedwali" na kuomba karatasi hiyo.

Kuhusu picha zenyewe: laza karatasi bapa, simama mahali kivuli chako hakiangukii, kisha kuza kila picha usome namba ungali mezani pa msambazaji. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa na maandishi madogo huweza kufifia. Chagua Document, au ziambatishe kwenye barua pepe.

Katika mfano wetu, saini inasubiri mambo mawili kutoka kwa msambazaji: tarakimu ya kifungu cha 4 iliyothibitishwa kwa maandishi, na Kiambatisho A. Ijumaa ikifika kabla havijaja, omba uongezewe siku, wala usisaini.