Maumivu yanayoshuka mguuni: ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Shabunda mizigo inategemea migongo ya watu. Barabara ya kutoka Bukavu ni mbovu, bidhaa nyingi zimekuwa zikija kwa ndege ndogo, na kutoka hapo unga na chumvi huingia msituni kwa baiskeli za kusukuma au kwa kubebwa hadi kwenye machimbo. Ndiyo maana maumivu ya siatika yanajulikana sana kwa wabebaji.

Tuseme baba wa miaka 40 ameinama kunyanyua gunia. Kiuno kinakatika, na kesho yake maumivu yanachoma kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye unyayo. Akikohoa, yanazidi. Mara nyingi chanzo hakiko mguuni. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini. Ikichomoza, hubana mzizi wa mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni, na mguu ndio unaolia.

Wengi hukimbilia kudungwa sindano takoni. Wawe waangalifu: mshipa huohuo unapita hapo, na sindano ikiugusa, mguu unaweza kulegea. Kulala kitandani wiki nzima nako hakusaidii, kwa sababu misuli inadhoofika na mgongo unakakamaa. Baba huyu aweke mzigo chini kwa muda, lakini atembee mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, na abadilishe mkao kila anapochoka. Kama maumivu yanapanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, ni dalili njema. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji.

Kila asubuhi ajipime: atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akishika ukuta. Kisigino kikishindwa kumbeba, au unyayo ukiburuzwa, mshipa umeanza kudhoofika; asikawie kwenda hospitali.

Dalili nyingine hazingoji hata siku moja: kushindwa kukojoa au kukojoa bila kujua, choo kutoka chenyewe, ganzi sehemu za siri na mahali pa kukalia, au miguu yote miwili kulegea. Hapo mishipa ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na upasuaji ukichelewa, ulemavu unaweza kubaki maisha yote. Homa, kukonda, kikohozi cha muda mrefu au maumivu yanayozidi usiku pia vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo.

Huku safari ya kwenda Bukavu huchukua muda. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayeshindwa kukojoa leo apelekwe leo hii kwenye hospitali kuu ya Shabunda, ili daktari aanze kutafuta njia ya kumsafirisha.