Alinipigia, Si Alinipiga

"Alinipiga jioni, nikamwambia hela zimeisha." Sentensi hiyo niliikuta katika nakala ya mahojiano niliyofanya Morogoro na wanawake sita wauza mboga, kuhusu matumizi ya nyumbani. Nilishtuka, maana sikukumbuka mama yeyote kutaja kipigo siku ile. Nikafungua sauti. Anasema wazi: "Alinipigia." Mume alikuwa safarini, akapiga simu. Silabi moja imebadilika, na mtu asiye na kosa ameandikwa kuwa mpiga mke.

Nikasikiliza rekodi nzima huku nakala iko mbele yangu. Makosa ya namna hiyo yalifika 11. Pengine ukanushi ulipotea, "hatujalipwa" ikawa "tumelipwa". Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba kila aliyesema ameitwa "Mshiriki" tu. Niliwapa alama, M1 hadi M6, ili majina yao yasijulikane, na orodha niliituma pamoja na sauti. Bila alama hizo siwezi kujua kama kilio cha mikopo kimetoka kwa wanawake watatu au kwa mmoja aliyekirudia mara tatu. Hayo ni matokeo mawili tofauti kabisa.

Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira, nikaifuta. Kumwambia mtu kazi yake ni mbovu hakumwonyeshi pa kurekebisha. Ya pili ilikuwa hivi:

"Yah: Makosa katika nakala ya mahojiano namba 3. Dakika 23:14 mmeandika 'alinipiga'. Kinachosikika ni 'alinipigia'. Dakika 31:02 mmeandika 'tumelipwa'. Kinachosikika ni 'hatujalipwa'."

Yote 11 yakafuata kwa mtindo huo. Kisha nikaomba sauti isikilizwe upya tangu mwanzo na mtu mwingine, bila malipo ya ziada, kwa sababu hayo 11 ni yale tu niliyoyanasa mimi. Niliomba alama zirudishwe, na pasiposikika waandike "haisikiki" pamoja na dakika, wasibahatishe. Pengo ninaliona, neno la kubahatisha linapita kama kweli.

Nilikiri pia kosa langu. Orodha pekee haimwambii mnukuzi sauti ipi ni ya nani, nami sikumwomba kila mama ataje alama yake mwanzoni mwa rekodi. Siku hizi tunaanza hivyo, na msaidizi wangu huandika alama ya kila anayeanza kusema na maneno yake mawili ya kwanza.

Nakala mpya ilirudi baada ya siku tisa. "Alinipigia" ipo. Mahali pawili ambapo M2 na M5 walisema kwa pamoja, pameandikwa "msemaji hatambuliki". Sentensi hizo sikuzihesabu kwa mtu yeyote.